Meseji za mafundi za wasap nazigeuzaje ziwe maelezo ambayo mhasibu atapitisha? Kila vocha inarudi imeandikwa "fafanua"

Karani_Nyakato

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mimi ni admini kwenye kampuni ndogo hapa Mwanza, tunafunga pampu za maji za sola, sana sana visiwani na vijiji vya pembeni mwa ziwa. Mafundi wakiwa saiti hawajazi fomu yoyote, wanatupia meseji kwenye grupu la wasap, kazi yangu mimi ni kuzichukua zile meseji niziweke vizuri kwenye fomu ya kurejesha masurufu halafu fomu inaenda kwa mhasibu. Mhasibu wetu ni mzee mmoja mpole hagombi na mtu, anakurudishia tu karatasi yako na kalamu nyekundu, "fafanua", basi.

Hii ndo meseji ya juzi, fundi alikua Ukara, alipewa masurufu 300,000 (posho yake na ya mwenzake walitumiwa pembeni, haimo humu):

> Dada tumefika ukara salama kazi imeisha. boti 185, wale vijana 40, mafuta ya jenereta 32, boda 12, msosi wa timu 27 na ile ya mwaloni 15. jumla 311 kwahyo kampuni naidai 11 nitumie leo basi

Mimi nikaandika hivi: usafiri wa majini 185,000, vibarua 40,000, mafuta 32,000, usafiri wa ndani 12,000, chakula 27,000, ushuru wa mwalo 15,000. Ikarudi, fafanua. Nikaongeza maneno, "usafiri wa majini kwa ajili ya kufanikisha utekelezaji wa shughuli za mradi", ikarudi tena na safari hii amepigia mstari neno "kufanikisha". Fundi ananipigia kila saa anataka 11 yake. Nifanyeje jamani, huyu mzee anataka nini hasa?

Risiti_Tu

Dada hapo hakuna siri, mhasibu anataka risiti ya EFD full stop. Ukiwa na EFD hata usipoandika neno moja inapita, usipokua nayo hata uandike insha TRA wakija wanaikataa hiyo gharama kwenye hesabu za kampuni na kodi mnalipa juu yake. Waambie mafundi no EFD no hela, wataacha wenyewe.

Jembe_la_Igoma

Simpo sana. Kama 185 inaleta maneno igawanye, andika boti 95 mara mbili, mafuta ongeza kidogo, chakula futa hamishia kwenye vibarua. Na kuna jamaa ana vitabu vya risiti tupu na mihuri ya kila aina, njoo inboksi.

Mama_Vocha

Karani, huyo wa juu yangu usimfuate inboksi wala popote. Risiti tupu ukiijaza wewe na ukasaini wewe, siku ya ukaguzi fundi yuko nyumbani kwake amelala na anayeulizwa ni wewe mwenye mwandiko. Nimefanya uhasibu na baadaye ukaguzi wa ndani, ofisi za serikali na mashirika, hayo ya kuhamisha chakula kwenda vibarua ndo tulikua tunayakamata asubuhi kabla hata ya chai.

Na wewe Risiti Tu uko sawa nusu. EFD ni lazima kudai pale muuzaji anapopaswa kuwa nayo, hilo sibishi. Ila risiti inasema kitu kimeuzwa, haisemi kilinunuliwa kwa kazi gani. Nikiona risiti ya lita 10 za petroli najua petroli imenunuliwa, sijui kama imeingia kwenye jenereta la saiti au kwenye pikipiki ya fundi. Na kinyume chake, mwenye mtumbwi kule Bugolora hana mashine, hela imetoka kweli na kazi imefanyika kweli, utamnyima fundi hela yake?

Sasa Karani tatizo lako silo uchache wa maneno. Mzee amepigia mstari "kufanikisha" kwa sababu hilo neno halibebi kitu. Yeye anasoma kila mstari akiwa na maswali yake kichwani: nani alilipwa, siku gani, kutoka wapi kwenda wapi, ngapi kwa bei gani, kwa nini ilibidi, nani aliruhusu, na kinachothibitisha ni nini. Akiyapata anaamua, anapitisha au anauliza swali moja la maana. Asipoyapata hana hata la kuuliza, ndo anaandika "fafanua". Hiyo fafanua sio kukataa, ni mtu ambaye hajui aanzie wapi.

Kuna jambo moja kwenye fomu yako limenishtua kuliko yote. Fundi kaandika "ile ya mwaloni 15", wewe ukaandika "ushuru wa mwalo". Umejuaje ni ushuru?

Karani_Nyakato

Shikamoo mama. Nilidhani tu maana mwaloni watu wanalipaga ushuru.

Mama_Vocha

Marahaba mwanangu. Basi hapo ndo pa kuanzia. Ushuru wa halmashauri unatoka na risiti ya posi, ile mashine ndogo ya mkononi. Ukiandika ushuru, mhasibu atadai risiti ya posi, na kama haipo umeshamtia fundi kwenye swali ambalo yeye hakulisema. Kazi yako ni kuyapanga aliyoyasema na kuuliza ambayo hakuyasema. Pengo likibaki liache pengo lionekane, andika "haijajulikana, fundi ameulizwa". Mhasibu anapenda pengo linaloonekana kuliko sentensi nzuri iliyoficha pengo.

Mpigie fundi leo leo, usingoje Ijumaa, akishalala mara mbili atakwambia hakumbuki. Muulize mstari kwa mstari na majibu umwambie akutumie kwa meseji au voisi, sio kwa simu, ili yawe na tarehe. Halafu uje hapa.

Dereva_Buzuruga

Afadhali mada imekuja. Mimi mwaka jana ofisi yetu ilikataa kunilipa hela ya pancha 10,000 eti sina risiti, jamani pancha ya njiani Magu usiku fundi wa kuziba ana mashine ya EFD ya wapi?? Nikaacha nikasamehe lakini roho iliniuma mpaka leo. Wahasibu wengine wanakaa kwenye kiyoyozi hawajui barabara ilivyo.

Mama_Vocha

Pole baba. Ulipiga picha ya tairi? Uliandika namba ya simu ya aliyeziba?

Dereva_Buzuruga

Hapana mama, nani angewaza kupiga picha tairi usiku.

Mama_Vocha

Basi na mhasibu wako alibaki na neno lako tupu. Ofisi nyingi zina fomu ya matumizi yasiyo na risiti, unaandika kilichotokea, unasaini, mkuu wako anasaini, na kuna kiwango ambacho ukizidisha hawakubali. Uliza kama kwenu ipo. Kwa pancha ya 10,000 ingetosha kabisa.

Kona_ya_Mabatini

Hahaha wahasibu nao wana macho lakini. Kuna dereva namfahamu ana ratiba zake za nauli kakariri, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025 magari yanapita juu yeye bado analeta kwenye maelezo "kivuko Kigongo". Kakopi ya mwaka juzi kabadilisha tarehe tu. Mhasibu alimwambia hii hela ya kivuko umelipa kwa samaki?

Karani_Nyakato

🤣🤣 Sawa wakuu, mrejesho. Nimemuuliza fundi, majibu yake ni marefu na kaleta mambo ambayo mimi sikuyajua kabisa.

Boti 185 kumbe ni safari mbili tofauti. Ya kwanza 120, walifika Bugolora jioni na mzigo, paneli sita na pampu na mabomba, kivuko cha kwenda Ukara kilikua kimeshaondoka, wakakodi mtumbwi wa injini mzima mpaka Bwisya. Ya pili 65, kesho yake walikuta konekta za paneli hazimo kwenye boksi, fundi mmoja akarudi Bugolora na mtumbwi, akapanda boda mpaka Nansio kununua, akarudi. Kwahyo ile boda 12 ni hiyo hiyo ya konekta.

Vijana ni wanne, 10 kila mmoja, walibeba vitu kutoka ufukweni mpaka kisimani. Mafuta ana risiti ya EFD ya sheli ya Nansio, lita 10 kwa 3,200. Msosi ni sahani sita za 4,500, wale vijana wanne na wao mafundi wawili.

Ya mwaloni 15 anasema "dada hiyo achana nayo we andika tu".

Mama_Vocha

Umeona? Meseji ya mstari mmoja imezaa safari mbili. Na zingekaa pamoja kama "boti 185" mhasibu angepitisha zote au angekataa zote, na vyote viwili vingekua makosa, kwa sababu sababu zake hazifanani. Ya kwanza ililetwa na safari. Ya pili ililetwa na mtu aliyefunga boksi stoo.

Sasa angalia tena orodha yake uniambie kitu gani hakipo.

Karani_Nyakato

Hakipo kivipi mama? Nimehesabu inatimia 311.

Mchumi_Butimba

Konekta zenyewe! Kapanda mtumbwi, kapanda boda mpaka Nansio kununua konekta, bei ya konekta iko wapi? 😀

Mama_Vocha

Asante Mchumi. Mtu amesafiri kwenda kununua kitu na hakuna kitu kilichonunuliwa kwenye hesabu. Mhasibu mzuri ataliona hilo kabla ya kitu kingine. Inawezekana alikopa, inawezekana mteja alilipa, inawezekana safari hiyo haikuwepo. Muulize.

Karani_Nyakato

Nimeuliza. Bosi alimlipia mwenye duka moja kwa moja kwa lipa namba, 18,000, meseji ya muamala anayo bosi kwenye simu yake na duka lilitoa EFD ambayo fundi anayo. Ndo maana fundi hakuiandika, haikupita mkononi mwake. Nimeshangaa maana hata mhasibu hana habari nayo.

Mama_Vocha

Safi. Hiyo 18 haiingii kwenye masurufu ya fundi, ila itajwe kwenye maelezo ya safari ya pili, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kwamba safari ilikuwepo. Na mhasibu ataiingiza sehemu yake, la sivyo mwisho wa mwezi atakutana na 18,000 imetoka na haina mama wala baba.

Jaribu sasa kuandika upya mstari wa kwanza tu, huo wa 120. Tuone.

Karani_Nyakato

"Sh 120,000 zilitumika kukodi mtumbwi wa injini kutoka Bugolora hadi Bwisya Ukara kwa ajili ya mafundi 2 na vifaa vya mradi kwa kuwa hapakuwa na usafiri mwingine."

Nahodha_Nansio

Samahani naingilia, mimi ni mtu wa mitumbwi huku huku. "Hapakuwa na usafiri mwingine" sio kweli dada, kivuko kipo, wao walikikosa. Mtu anaejua Ukerewe akisoma hapo ataona unamdanganya. Sema kimeondoka.

Na niseme kuhusu bei watu wanadhani tunapiga. Jioni ukikodi mtumbwi mzima mimi narudi mtupu, petroli ya kwenda na kurudi ni yangu, na ukinipakia paneli siwezi kupakia abiria maana kioo hakikaliwi. Mchana ukipanda na wenzako ni nauli ndogo tu. Kwahyo 120 ya jioni na mzigo mimi naiona ya kawaida, ile 65 ya mchana mtu mmoja kwenda na kurudi ndo naishangaa kidogo, labda alikodi mzima asisubiri watu wajae. Mashine ya EFD hatuna lakini kusaini tunasaini, na makaboya tunayo msije mkasema hatuna.

Mama_Vocha

Nahodha umemsaidia kuliko mimi. Karani hilo la "hapakuwa na usafiri mwingine" ni sentensi ambayo inaandikwa kila ofisi na karibu kila mara ni ya uongo mdogo. Andika kilichotokea. Mimi ningeandika hivi, utaona sio ndefu sana:

> Sh 120,000. Kukodi mtumbwi wa injini (mzima), Bugolora hadi Bwisya, Jumanne jioni. Waliosafiri: mafundi 2. Mzigo: paneli 6, pampu 1, mabomba. Sababu: kwa maelezo ya fundi, walifika Bugolora kivuko kikiwa kimeondoka. Kulala Bugolora kungeongeza siku moja ya posho kwa watu 2 na mzigo ulikuwa hauna pa kulindwa. Ruhusa: fundi aliomba kwa mkuu wa mradi kwenye grupu, akakubaliwa jioni hiyo hiyo (skrinishoti A). Malipo: meseji ya muamala kwenda kwa mwenye mtumbwi (B) na karatasi ya kukiri kupokea yenye jina, simu na saini (C). Risiti ya EFD haipo, mwenye mtumbwi hana mashine. Kasma: usafiri, kisima cha Ukara.

Angalia "kwa maelezo ya fundi". Hayo maneno usiyaone madogo. Wewe hukuwa Bugolora, huna ushahidi wa saa ya kivuko, unachojua ni kwamba fundi amesema. Ukiandika kama vile uliona, umejibebesha. Na mhasibu akitaka anaweza kumuuliza fundi, anajua swali liende kwa nani.

Kama hiyo ruhusa haipo kwenye grupu usiiandike, na siku na ushahidi wa malipo vile vile. Nimeviweka kwa sababu nadhani vipo, kaangalie.

Karani_Nyakato

Vyote vipo mama, na kwenye ruhusa mkuu alijibu "poa kodini". Natumia hiyo?

Mama_Vocha

"Poa kodini" inatosha kabisa, ina jina na ina saa. Usiibadilishe ikawa "aliidhinisha rasmi". Bandika skrinishoti yenyewe ilivyo. Na meseji ya kwanza ya fundi pia ibandikwe ilivyo na makosa yake yote, ili mzee aone fundi alisema nini na wewe umeongeza nini baada ya kuuliza.

Risiti_Tu

Mama mimi bado nina wasiwasi, kampuni ikijaza karatasi za kukiri kupokea kila mahali TRA watazikubali kweli?

Mama_Vocha

Sio kila mahali. Zile za mtumbwi, vibarua, boda, ambako hali halisi inajulikana. Ukiniletea karatasi ya kukiri kupokea kutoka duka la vifaa mjini Nansio au sheli nakurudisha ukachukue EFD. Na TRA wakiikataa moja, kampuni itaibeba kwenye kodi, lakini hilo ni suala la kodi, sio suala la kumlipa fundi. Watu wanachanganya hayo mawili. Gharama inaweza kuwa halali kwa ofisi na ikakataliwa kwenye kodi, mhasibu anaiweka pembeni siku ya kufunga hesabu.

Na risiti zenyewe za EFD, Karani, zipige picha au kopi siku hiyo hiyo. Ile karatasi inafutika, ikikaa kwenye dashibodi ya gari na jua la Mwanza baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Ikiwa bado inasomeka unaweza kuihakiki kwenye verify.tra.go.tz kwa namba iliyoko chini.

Mchumi_Butimba

Na waambie mafundi wataje TIN ya kampuni wakati wa kununua iingizwe kwenye risiti, isitoke ya jina tupu.

Halafu mimi niulize, mtumbwi wa kukodi si huduma? Kodi ya zuio asilimia 5 kwa huduma mbona hakuna anayeitaja?

Mama_Vocha

Nilijua kuna mtu atalileta. Mchumi hilo mwachie mhasibu wao, ndo kazi yake, Karani asiandike hesabu za zuio kwenye maelezo. Ila Karani ataje wazi kwamba ni kukodi chombo na sio nauli ya abiria, ili mhasibu aweze kuliamua.

Mchumi_Butimba

Mama hujanijibu lakini 😀 kwa mtu wa mtumbwi unakataje 5% usiku ule pale Bugolora?

Nahodha_Nansio

Unikate mimi asilimia 5 ufukweni nikubebe? Utalala hapo hapo na paneli zako.

Karani_Nyakato

😂 Jamani. Nimeandika mingine, mama naomba uipitie.

> Sh 65,000. Mtumbwi Bwisya–Bugolora–Bwisya, Jumatano, fundi 1. Sababu: konekta za paneli hazikuwa kwenye boksi lililofungwa stoo Mwanza, zilifuatwa Nansio (ununuzi wa Sh 18,000 ulilipwa moja kwa moja na mkurugenzi, risiti ya EFD imeambatishwa). Kwa maelezo ya fundi mtumbwi ulikodiwa mzima ili arudi siku hiyo hiyo. Malipo: meseji ya muamala. Karatasi ya kukiri kupokea: haipo. Ruhusa: haipo kwenye grupu.
>
> Sh 12,000. Boda Bugolora–Nansio kwenda na kurudi, safari hiyo hiyo ya konekta. Gari la kampuni lilikuwa limesharudi Mwanza Jumanne (kitabu cha safari za gari). Malipo taslimu, hakuna ushahidi.
>
> Sh 40,000. Vibarua 4 × 10,000, kubeba vifaa kutoka ufukweni Bwisya hadi kisimani. Orodha ya majina, simu na saini imeambatishwa.
>
> Sh 32,000. Petroli lita 10 × 3,200, jenereta la kutobolea na kuchomelea fremu za paneli. Risiti ya EFD.

Mama_Vocha

Umeelewa mwanangu. Hilo la gari nimelipenda, maana swali la kwanza la mhasibu kwenye boda ni "gari lilikua wapi", wewe umeshamjibu na kitabu cha gari kipo ofisini anaweza kukifungua mwenyewe.

Kwenye 65 umeandika "haipo" mara mbili na hukuogopa. Mzee ataiwekea kwiri hiyo, na ni haki yake, ila kwiri itakua ya kweli sasa: nani alifunga boksi, na kwa nini mtumbwi mzima kwa mtu mmoja. La kwanza ni la stoo, sio la fundi. Ndo faida ya kutenganisha, fundi hatabeba mzigo wa stoo. Petroli sina neno, labda aulize lita 10 zote ziliisha au nyingine zilirudi na dumu.

Chakula umekikwepa naona.

Karani_Nyakato

Sijakikwepa, sijui nikiandikeje. Mafundi wanasema walikua na njaa na kazi nzito.

Dereva_Buzuruga

Sasa mtu asile?? Haya ndo mambo yenyewe nasemaga.

Mama_Vocha

Ale baba, posho ya kujikimu alipewa ya nini? Sahani mbili za mafundi, 9,000, tayari zimo kwenye posho yao, kuzileta hapa ni kulipwa mara mbili kwa chakula kimoja. Sahani nne za vibarua, 18,000, hizo ni jambo jingine, kama makubaliano yalikua 10,000 na chakula basi ni sehemu ya ujira wao, andika hivyo hivyo na uziweke karibu na ile 40. Kama hayakua makubaliano ni ukarimu wa fundi, mhasibu ataamua. Andika mistari miwili, 18 na 9, usiandike 27. Hiyo 9 wala usiitetee.

Karani_Nyakato

Fundi kathibitisha kwa voisi kwamba vijana walikubaliana 10 na chakula. Nimeandika.

Imebaki ile 15 ya mwaloni. Nimembana mpaka kasema, kuna jamaa pale ufukweni alikua anawazuia wasishushe mzigo anasema mpaka wamtoe. Sio mtu wa halmashauri, hana risiti wala kitambulisho, wakampa 15 wakaendelea. Naandikaje hiyo?

Kona_ya_Mabatini

Andika "gharama ndogo ndogo" maisha yaende. Kila mtu anajua mwaloni ilivyo.

Nahodha_Nansio

Kuna wengine ni wa ulinzi shirikishi wa pale au vijana wa kupakua ambao ukileta vibarua wako unawakosesha riziki. Sio lazima awe mwizi. Ila kuna na wahuni, sikatai.

Mama_Vocha

"Gharama ndogo ndogo" ndo maneno ya kwanza mkaguzi anatafuta kwenye leja. Mimi ningeandika hivi: "Sh 15,000. Zilitolewa kwa mtu aliyezuia upakuaji ufukweni. Kwa maelezo ya fundi hakuwa mtumishi wa halmashauri, hakutoa risiti. Jina halijulikani." Halafu namwachia mkubwa mwenye kampuni. Kama ni rushwa ofisi haiwezi kuilipa na haifai kuilipa, kama ni kutishiwa ni jambo la kwenda kwa mtendaji wa kijiji. Ila sio mimi wala wewe wa kuipa jina.

Risiti_Tu

Mama mimi hapo sikubaliani na wewe, ukiandika hivyo umemchoma fundi. Kesho hatakwambia kitu tena, atakua anaficha 15 kwenye bei ya boti na hutajua. Bora aambiwe kwa mdomo hiyo hailipwi, isiandikwe kabisa, alie nayo.

Mama_Vocha

Hoja yako ina uzito, sikatai. Lakini masurufu ya 300 yametoka, lazima 300 zote zielezwe. Ukiitoa 15 kwenye karatasi, itaonekana fundi anazo mfukoni.

Risiti_Tu

Ndiyo, na azirudishe. Ndo maana ya alie nayo.

Mchumi_Butimba

Hebu tupige hesabu tuone fundi anasimama wapi maana anadai 11 yake toka juzi. Zinazoonekana kupita: 120, 40, 32 na 18 ya vibarua, jumla 210. Zenye kwiri: 65, 12 na 15, jumla 92. Inayokataliwa 9. Zote 311, sawa. Kwiri ya konekta ikijibika, 65 na 12 zinaingia, tunafika 287. Alipewa 300. Kwahyo fundi ndo anadaiwa 13, sio yeye anadai 11. Na hata hiyo 15 ikilipwa inakua 302, anapata 2 tu.

Karani_Nyakato

Mungu wangu, nani anaenda kumwambia sasa 😭

Dereva_Buzuruga

Usimwambie kwa simu dada, utasikia matusi ya Kisukuma ambayo hujawahi kuyasikia.

Karani_Nyakato

Mrejesho wakuu. Fomu nimepeleka asubuhi, kila mstari na maelezo yake na meseji ya fundi juu kabisa ilivyo. Mzee kaisoma muda mrefu halafu kaweka tiki kwenye 120, 40, 32 na 18. Kwenye 9 kaandika "posho". Kwenye 65 hakuandika fafanua, kaandika "stoo waeleze orodha ya vifaa vilivyotoka Jumanne, na nani alisaini", na karatasi kaipeleka stoo sio kwangu. Boda kasema ataipitisha pamoja na 65 ikijibiwa. Ile 18,000 ya konekta kaniuliza kwa nini hajaiona, nikamwambia aongee na bosi, sikutaka kuingia hapo.

15 kaizungushia duara tu. Hajaandika kitu. Mkurugenzi yuko Dodoma anarudi wiki ijayo.

Fundi nimemtumia picha ya fomu bila maneno. Kasoma, tiki mbili za bluu, hajajibu. Wabeja sana mama Vocha na Nahodha.

Nahodha_Nansio

Karibu. Na huyo fundi wako mwambie akija tena mchana asikodi mzima, anipigie nimuunganishe na abiria.

Mchumi_Butimba

Sawa, na asilimia 5?

Mama_Vocha

Mchumi fungua uzi wako.